Tafadhali Washeni Tena SACK Kwenye Seva Zenu

Hivi karibuni msomaji mmoja aliniuliza kwa nini mafaili kutoka kwenye seva yake iliyoko Ulaya yanafika Mwanza kwa kusuasua. Nilimwomba majibu ya amri hizi:

```
sysctl net.ipv4.tcp_sack
nstat -az TcpExtTCPTimeouts
```

Ya kwanza ilitoa sifuri, yaani SACK imezimwa, kama nilivyotarajia, kwa kuwa nimelikuta jambo hilo kwenye seva nilizokabidhiwa kazini, na bado linaniuma. Mwaka 2019, ilipotangazwa CVE-2019-11477, dosari ya kerneli ya Linux katika kushughulikia uthibitisho teule wa TCP, yaani SACK, wengi walijikinga kwa kuuzima. Kerneli zilirekebishwa, lakini mpangilio ule ukasahaulika.

Tuchukue pakiti 20 zilizo njiani, safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 200, kisha pakiti ya 5, ya 9 na ya 14 zipotee. Mtumaji anayetegemea kuisha kwa muda wa kungoja uthibitisho peke yake hukaa kimya, pengine milisekunde 400 kwenye Linux, halafu hulishusha dirisha lake, yaani kiasi anachoruhusu kiwe njiani kwa wakati mmoja, hadi pakiti moja na kuanza kupanda upya, huku akirudia hata pakiti zilizokwisha kufika.

Utumaji upya wa haraka haungoji hivyo. Pakiti ya 6, ya 7 na ya 8 zinapofika, mpokeaji hurudia mara tatu kuiomba ya 5, na mtumaji huituma papo hapo, kisha urejeshaji wa haraka hulipunguza dirisha kwa takribani nusu tu. Hata hivyo, bila SACK mtumaji hajui kwamba ya 9 nayo imepotea hadi ya 5 ithibitishwe. Kila pengo hugharimu safari nzima, na mapengo matatu hula milisekunde 600.

SACK ikiwepo, mpokeaji hutaja alichonacho: 6 hadi 8, 10 hadi 13, 15 hadi 20. Mtumaji huyaona mapengo yote na kuyaziba ndani ya takribani safari moja. Nilipoiwasha kazini, `TcpExtTCPTimeouts`, hesabu ya mara ambazo muda umeisha, iliacha kupanda kwa kasi, na ninajivunia hilo.

Ndugu zangu, msiishie kuandika 1 kwenye `net.ipv4.tcp_sack` na kuondoka. Pande zote mbili hukubaliana kuhusu SACK mwanzoni mwa muunganisho, kwa hiyo miunganisho iliyokwisha kufunguliwa hainufaiki. Fungueni mpya na mhakikishe kwa `tcpdump` kwamba pakiti za SYN za pande zote zina `sackOK`.

Pakiti ya mwisho kabisa ikipotea, hakuna zinazofuata za kuamsha maombi ya kurudia, na SACK pekee haisaidii. Linux hutuma pakiti ya kuchunguza mkia huo kabla muda haujaisha, lakini hufanya hivyo kwenye miunganisho yenye SACK tu.