Milimita tatu za blidi kabla brosha haijaenda mtamboni

Brosha ya kwanza niliyoiandaa kwa ajili ya uchapaji ilikuwa ya nyumba ya wageni huko Pangani: karatasi ya A4 iliyolala, inayokunjwa mara mbili ili kupata kurasa sita. Jalada lake lilikuwa picha ya bahari iliyofika hadi ukingoni juu, chini na kulia, na ukurasa wa nyuma ulikuwa wa rangi ya maziwa. Nililipanga faili katika kipimo kamili cha karatasi, yaani milimita 297 kwa 210, nikaamini kwamba usahihi ndio huo. Siku iliyofuata fundi wa kiwanda alinipigia simu. “Dada, faili lako halina blidi. Nikikata hivi lilivyo, weupe utaonekana pembeni.”

Ili uelewe alichokuwa anasema, fikiria jinsi karatasi inavyokatwa. Brosha haichapwi juu ya karatasi ya ukubwa wake. Huchapwa juu ya karatasi kubwa zaidi, kisha mamia ya nakala hupangwa rundo moja, hubanwa kwa nguvu, na kisu cha gilotini hushuka mara moja. Karatasi zinaweza kuteleza kidogo ndani ya rundo, na chapa yenyewe inaweza kusogea kidogo kutoka karatasi moja hadi nyingine, kwa hiyo mkato unaweza kuhama kwa takriban milimita moja hata fundi akiwa makini. Picha ikiwa imeishia hasa pale kisu kinapotakiwa kupita, mhamo wa nusu milimita unatosha kuacha mstari mweupe kando ya bahari yako, na jicho huuona mstari huo mara moja kwa sababu uko kando ya rangi iliyokolea. Blidi ni sehemu ya picha au rangi inayovuka mstari wa mkato ili kisu, kikihama, bado kikute wino. Viwanda vingi huomba milimita 3 kila upande, ingawa vingine huomba 5, na hilo ni swali la kumuuliza mchapaji kabla ya kufungua faili jipya.

Kwa A4 iliyolala, eneo la kuchapwa linakuwa milimita 303 kwa 216. Ndiyo maana karatasi ya SRA3 ina milimita 450 kwa 320: A4 mbili zenye blidi zikilazwa sambamba huchukua 432 kwa 303, na bado inabaki nafasi ya alama za kukatia na ya meno ya mtambo kushikilia karatasi. Kwenye A3 ya kawaida A4 mbili hujaa kabisa, na blidi haina pa kukaa.

Narudi kwenye simu ile, kwa sababu kosa kubwa lilikuwa bado linakuja. Fundi alisema anaweza kuikuza kazi yote kwa asilimia 3 ili ipate blidi, nami kwa kuwa mteja alikuwa anasubiri, nikakubali. Upana wa 297 ukawa karibu 306, kisha ukakatwa tena kuwa 297, kwa hiyo kila upande ulipoteza karibu milimita 4 na nusu za kazi yangu. Nambari ya simu ya nyumba ya wageni nilikuwa nimeiweka milimita 4 kutoka ukingo wa kulia wa jalada. Katika sampuli niliyoletewa, tarakimu ya mwisho ilikuwa imeguswa na kisu.

Mikunjo nayo ilihama, na jambo hili wanafunzi wengi hawalitarajii. Katika brosha ya aina hii kurasa tatu za upande mmoja hazilingani: ule unaokunjwa kuingia ndani hupewa milimita 97, na mingine miwili 100 kila mmoja, ili wa ndani usijikunje kwa kugonga mkunjo. Upande wa nje, ukiutazama kutoka kushoto, huanza na 97, kisha 100 wa nyuma, kisha 100 wa jalada. Upande wa ndani ni 100, 100, halafu 97. Mashine ya kukunja inafuata vipimo hivyo, wala haijui kwamba kazi imekuzwa. Mpaka wa jalada uliokuwa kwenye milimita 197 ulisogea kulia kwa takriban milimita 1 na nusu, na utepe mwembamba wa rangi ya maziwa ukajitokeza mbele, kando ya bahari. Kwa hiyo usikubali kukuza kazi kuwe ndiyo tiba ya blidi iliyosahauliwa, isipokuwa kwa kazi isiyo na mikunjo na ambayo maandishi yake yako mbali na kingo.

Katika InDesign blidi huwekwa unapounda faili, au baadaye kupitia `File > Document Setup`, sehemu ya `Bleed and Slug`, ambapo utaandika 3 mm pande zote nne. Mstari mwekundu utajitokeza nje ya ukurasa. Vuta fremu ya kila picha na kila rangi inayogusa ukingo hadi ifike kwenye mstari huo, kisha hakikisha kwamba picha iliyomo ndani ya fremu nayo imefika, kwa maana fremu inaweza kuvutwa huku picha ikibaki pale pale. Ni vyema kufanya hivi mapema, kwa sababu kuna picha zisizo na cha kuongezea: mgeni aliyepigwa picha kichwa chake kikigusa juu hawezi kukatwa milimita 3 bila kuumizwa sura. Kwa upande wa ndani, weka pambizo ya usalama ya milimita 5 au zaidi, ambayo maandishi, nembo na nambari za simu hazitaivuka, na uache nafasi kama hiyo pande zote mbili za kila mkunjo.

Wakati wa kutoa PDF, fungua `Marks and Bleeds`, weka alama kwenye `Crop Marks` na kwenye `Use Document Bleed Settings`. Hii ya pili ikisahauliwa, blidi uliyoitengeneza inaweza kubaki kwenye kompyuta yako. Kisha tazama `Offset`: kiasi kinachokuja chenyewe ni takriban milimita 2, na kwa kuwa blidi ni 3, alama za kukatia zitaingia juu ya picha, na kisu kikihama kuelekea nje kwa zaidi ya milimita 2 zinaweza kubaki kwenye kona za brosha. Andika 3 mm au zaidi. Anayetumia Canva atawasha `Show print bleed` anapopanga kazi, kisha atachagua `PDF Print` pamoja na `Crop marks and bleed` anapopakua.

Kabla ya kutuma, pima faili lenyewe. Amri hii huonyesha mipaka iliyomo ndani ya PDF:

```
pdfinfo -box brosha.pdf
```

Namba zake ni pointi, si milimita, na kila mpaka huandikwa kwa namba nne: toa ya kwanza kutoka ya tatu upate upana, na ya pili kutoka ya nne upate kimo. `TrimBox`, yaani mpaka wa mkato, ya A4 iliyolala inapaswa kuwa na upana wa takriban 841.9 na kimo cha 595.3, na `BleedBox` takriban 858.9 kwa 612.3, ukikuta zote mbili zinalingana, PDF haina blidi. Namba hizo hazionyeshi kama picha imeufikia mstari mwekundu, kwa hiyo chapa pande zote mbili kwenye A3 kwa asilimia 100, kata kwa rula na kisu ukifuata alama, kisha ikunje. Nilipoiandaa upya brosha ya Pangani nilikata nakala moja milimita moja nje ya alama kwa makusudi, na bahari iliendelea hadi ukingoni.