Linki ya chama ilipovuja: nilivyoufunga upya mlango wa Zoom

Chama chetu cha kusaidiana wakati wa misiba kina watu 34. Wengi tuko hapa Kisumu, wachache Nakuru, wawili Uingereza. Tunakutana kwenye Zoom kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa mbili usiku. Katibu ni mimi, kwa hivyo makosa ninayosimulia ni yangu.

Usiku mmoja mweka hazina akiwa katikati ya kusoma nani amelipa na nani anadaiwa, niliona majina matatu nisiyoyajua. Moja halikuwa hata jina la mtu, lilikuwa aina ya simu. Kumbe mwenzetu alikuwa ameirusha linki kwenye grupu ya ukoo ili shemeji yake asikilize, na ukoo ukaitikia. Nilishangaa, maana passcode tulikuwa nayo. Kisha nikaitazama linki yenyewe:

```
https://zoom.us/j/1234567890?pwd=xxxxxxxx
```

Hayo yanayofuata `pwd=` ndiyo passcode, imefungwa ndani ya linki. Anayeibonyeza haulizwi chochote. Ni kama kufunga mlango halafu ufunguo ukauacha unaning'inia kwenye kitasa.

Nilifuta kikao chote nikaanza upya kwenye tovuti ya Zoom, kwa kompyuta ya saiba, kwa sababu kwenye simu baadhi ya mipangilio huwezi kuiona vizuri. Kwanza niliingia Settings, sehemu ya Security, nikazima `Embed passcode in invite link for one-click join`. Sasa linki inatoka bila mkia wa `pwd`, na passcode naituma kando, kwa ujumbe wa kawaida, siku ya kikao. Nilichagua tarakimu sita tupu. Wazee wetu wanahangaika na herufi kubwa na ndogo, na passcode isiyoandikika itakuletea simu ishirini saa mbili kasoro dakika tano.

Halafu Meetings, kisha Schedule a Meeting. Hapa saa za Kiswahili zilinichezea. Mara ya kwanza niliandika 2:00 PM, na watu wawili wakaingia Zoom Jumapili mchana wakanikosa. Saa mbili usiku ni 8:00 PM. Time Zone iwe Nairobi, hata kama aliyeko Uingereza ndiye anayepanga. Saa za huko husogezwa mara mbili kwa mwaka, na kikao kilichofungwa kwa saa za London kingehama kwetu bila mtu kukigusa.

Tia alama kwenye Recurring meeting, chagua Monthly, kisha uwe makini: Zoom itakuuliza kama unataka tarehe fulani ya mwezi au siku ya juma. Ukichagua tarehe 1, kikao kinaweza kuangukia Jumatano mwezi mmoja na Ijumaa mwezi unaofuata. Chagua First Sunday. Meeting ID iache Generate Automatically. Ile Personal Meeting ID ni chumba chako binafsi, na kila mwanachama angebaki na anwani yake hata baada ya kuondoka chamani. Mwisho weka alama kwenye Passcode na Waiting Room.

Waiting Room ndiyo iliyotuokoa kweli, kwa sababu passcode nayo inaweza kurushwa kama linki. Watu hukaa nje hadi nibonyeze Admit. Ila chumba hicho kinakuonyesha jina tu, basi ukiona "Samsung" huna la kufanya ila kubahatisha. Tuliafikiana kila mtu aandike jina lililo kwenye daftari kabla ya kuingia. Naketi na daftari mkononi, namwita mmoja mmoja. Sibonyezi Admit All, hata wakinung'unika. Na Remove uitumie kwa uangalifu: niliwahi kumwondoa mzee wetu mmoja kimakosa, akashindwa kurudi kikao kizima, ikabidi nimpigie simu kumwomba radhi.

Sisi hatulipii Zoom, kwa hivyo kikao hukatika baada ya dakika 40. Saa inahesabu tangu ninapoanzisha, si tangu wote waingie, ndiyo maana sifungui mapema. Kikikatika naanzisha tena kwa linki ileile, na wote wanapita tena chumba cha kusubiri. Nusu ya kwanza ni ya pesa, ya pili ni ya mengineyo, hivyo wanaochoka kurudi hawakosi hesabu.

Mtu akitoka chamani, nafungua kikao, nachagua kuhariri vikao vyote wala si kimoja, nabadilisha passcode. Linki inabaki ileile. Mwezi uliopita nilihariri kimoja tu, na kikao cha juzi passcode ya zamani bado ilifungua.