Mwanangu, kwanza hesabu ya miezi

"Mama, kuna mahali hapa Ngarenaro wanakopesha. Nikichukua laki sita kwa riba ya asilimia tatu kwa mwezi, nilipe kidogo kidogo kwa miezi minane, jumla nitarudisha shilingi ngapi? Nataka cherehani ya ovaloki."

Mwanangu Neema,

Salamu zako nimezipata, na bibi yako wa Kibosho anakusalimu. Hesabu yenyewe unaiweza, ni ile ya shule ya msingi: kiasi ulichokopa, mara kiwango, mara muda, gawanya kwa mia. 600,000 × 3 × 8 ÷ 100. Inakuja 144,000. Ukijumlisha na mkopo wenyewe ni 744,000, yaani rejesho la 93,000 kila mwezi.

Lakini usiifunge barua hapo. Siku zote nimewaambia, wewe na kaka yako, kwamba katika hesabu ya riba mtu huangalia asilimia, na kinachomla ni muda. Mnajua nilijifunzia wapi.

Lile belo la masweta unalikumbuka kwa sababu ulikuwa unalala juu yake. Lakini wewe na kaka yako hamkuambiwa yote. Ulikuwa mwezi wa pili, joto la Moshi limepamba moto, na pale soko la Memorial hakuna aliyekuwa anagusa sweta. Kwa sababu hiyo hiyo belo lilikuwa linauzwa rahisi, nami nikalitaka. Nikaenda kwa mkopeshaji mmoja mjini, nikachukua 300,000 za kurudisha kwa mkupuo mmoja baada ya miezi sita. Kwenye karatasi kuliandikwa: riba 10%. Hakukuwa na neno jingine mbele yake. Mimi nikapiga hesabu kichwani, asilimia kumi ya laki tatu ni elfu thelathini, nikasaini kwa furaha.

Baba yako alipoiona karatasi jioni aliniuliza neno moja tu: "Kumi kwa muda gani?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye ni mtu wa kahawa, biashara haijui. Leo hayupo, na swali lake ndilo ninalokuandikia.

Tazama karatasi ile inavyoweza kusomwa. Kama kumi ni ya mwaka mzima, miezi sita ni nusu mwaka, kwa hiyo riba ni 300,000 × 10 × 0.5 ÷ 100, ambayo ni 15,000. Kama ni ya mkopo wote bila kujali miezi, ni 30,000, kama nilivyodhani. Kama ni ya kila mwezi, muda ni 6, na riba ni 180,000. Pesa ni ile ile, asilimia ile ile, karatasi ile ile. Kiwango na muda lazima viongee lugha moja: kiwango cha mwezi kinazidishwa kwa miezi, kiwango cha mwaka kinazidishwa kwa miaka. Ilikuwa ya mwezi. Mwezi wa nane nilidaiwa 480,000.

Nimejiuliza miaka yote kama yule mtu alinidanganya. Hakusema uongo, nami sikuuliza. Halafu nikikumbuka alivyoitazama kalamu yangu wakati nasaini, nasema hapana, alijua nilichokuwa nadhani, akaacha. Halafu tena nasema, mtu mzima huuliza. Sijafika mwisho wa hilo.

Na kuna lingine linaloniuma zaidi ya karatasi. Masweta yaliuzika mwezi wa sita na wa saba, watu waliposhuka kutoka Marangu na Machame na baridi yao. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano belo lilikaa kitandani kwako, na kila mwezi uliopita uliniandikia 30,000. Ningekopa mwezi wa tano, nikarudisha mwezi wa nane vile vile, riba ingekuwa 90,000. Hata kama belo lingepanda bei kidogo ningekuwa na nafuu. Ile baiskeli ya baba yako iliyokuwa inakupeleka shule, na mbuzi wawili wa bibi, viliondoka kwa ajili ya miezi ambayo sikuuza chochote.

Sasa nirudi kwako, kwa sababu mkopo wako una kitu ambacho wangu haukuwa nacho. Mimi nilikaa na laki tatu nzima hadi siku ya mwisho, kwa hiyo kupigiwa riba kwenye laki tatu kila mwezi ilikuwa haki, hata kama kiwango kilikuwa kikali. Riba ni kodi ya kukaa na pesa ya mtu. Wewe utakuwa unarudisha kila mwezi. Katika lile rejesho la 93,000, 75,000 ni mkopo wenyewe na 18,000 ni riba. Baada ya rejesho la kwanza hukai tena na laki sita, unakaa na 525,000. Mwezi wa nane wa mkopo unakaa na 75,000 tu. Lakini hesabu niliyokupigia juu inakutoza 18,000 hata mwezi huo wa mwisho, kana kwamba laki sita yote bado iko mkononi mwako.

Wakikupigia riba kwenye salio linalopungua, mwezi wa kwanza ni 18,000, wa pili 15,750, wa tatu 13,500, inashuka hivyo hadi 2,250 mwezi wa nane. Zijumlishe zote: 81,000. Tofauti ni 63,000, na mkopeshaji wa njia hii na wa njia ile, wote watakuambia "asilimia tatu kwa mwezi" bila kusema uongo. Ukipima kwa pesa unayokaa nayo kweli kila mwezi, ile ya 144,000 ni kama asilimia 5.3.

Kwa hiyo usiwaulize asilimia ngapi. Waulize: riba ya mwezi wa nane wa mkopo ni shilingi ngapi? Wakisema 18,000, umejua inapigwa kwenye deni zima. Waulize pia, nikimaliza kulipa mwezi wa tano, ile 54,000 ya miezi mitatu iliyobaki nasamehewa au nalipa? Jibu liandikwe. Mdomo usiukubali, hata ukiwa wa mtu unayesali naye.

Ukope au usikope hujaniuliza, nami najizuia. Wewe ndiye fundi, na ovaloki najua inakuumiza kuazima kwa jirani. Mama akisema sana anaambiwa anaogopa kila kitu kwa sababu ya masweta. Pengine ni kweli.

Lakini Neema, sasa ni mwezi wa nane. Wewe mwenyewe uliniambia kazi kubwa ni sare za shule, na wazazi wanaleta vitambaa Desemba na Januari. Rejesho la kwanza litakuwa mwezi wa tisa. Niandikie hizo 93,000 za Septemba, Oktoba na Novemba zitatoka kwenye nguo zipi, kwa majina ya wateja kama unayo. Na kabla hujashika kalamu, piga picha ratiba yao ya marejesho, mwezi kwa mwezi, unitumie kwa simu ya kaka yako. Nitaisoma nikiwa nimevaa miwani.

Mama yako,
Majengo, Moshi