Saa Moja Unusu Si 1.30: Nilivyojifunza Kuandika Tangazo la Mtihani

Wiki jana mwalimu mmoja wa Nakuru aliniandikia kwenye Wasap. Amepewa mitihani shuleni kwao, ndio mwaka wake wa kwanza, na mwalimu mkuu anataka tangazo la KCSE kwa watahiniwa na wazazi kabla ya wiki kuisha. "Mkubwa, nitumie lako nibadilishe jina la shule tu." Nimemtumia. Lakini tangazo langu lina historia, na ukilichukua bila historia yake utakuja kuandika kosa lile lile nililoandika mimi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa, upande wa Nyando, Kaunti ya Kisumu. Wanafunzi wetu hawalali shuleni, kwa hivyo asubuhi ya mtihani kila mmoja anatoka kwao kivyake: kwa mguu, kwa baiskeli, kwa boda. Wenzetu wa shule za bweni hupiga kengele, wakahesabu vichwa, basi. Sisi tunategemea karatasi moja na ujumbe mfupi wa simu.

Mwaka juzi nilituma ujumbe huo Jumapili jioni. Ulikuwa na herufi chache, kwa sababu arafa moja hubeba herufi 160 na ukizidisha unalipia mbili, na mhasibu wetu huzihesabu kama anayehesabu mbegu. Nikaandika hivi: "KIINGEREZA KARATASI 1 JUMATATU. WATAHINIWA WAFIKE 1.30 WAKIWA NA SARE KAMILI. SIMU HAZIRUHUSIWI." Nikaona nimemaliza. Nikala samaki, nikalala.

Jumatatu saa moja unusu tukaita majina uwanjani. Mmoja hayupo. Kijana mtulivu, si mtoro. Alikuwa ameugua malaria wiki iliyotangulia, akakosa siku ile ya mazoezi ambapo watahiniwa huonyeshwa vyumba na kusomewa kanuni. Nikampigia mama yake. Alikuwa sokoni Ahero tayari, nasikia kelele za matatu.

"Mama, kijana yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Mwalimu, anasoma. Nimemwachia uji. Si ulisema saa saba unusu?"

Nilifungua ujumbe wangu mwenyewe nikausoma kwa macho ya mama huyo. Saa ya simu yake, ikifika saa saba unusu mchana, inaonyesha 1:30. Mimi mwalimu wa Kiswahili niliiandika kwa tarakimu nikiwa na saa moja unusu kichwani. Yeye aliisoma jinsi simu yake inavyomfundisha kila siku. Na ubaya zaidi, tafsiri yake ilikuwa na maana kamili: ratiba ya KCSE ina karatasi za asubuhi zinazoanza saa mbili na za mchana zinazoanza saa nane. Mtu akiambiwa afike saa saba unusu kwa karatasi ya saa nane, hana sababu ya kushuku chochote. Kosa lisilo na kasoro ya kushangaza ndilo haligunduliwi.

Nikamtuma boda. Barabara ya kwao ni ya udongo mweusi, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kijana aliketi kwenye dawati lake saa mbili na dakika ishirini na nne. Shati halijafungwa kifungo cha juu, soksi moja, matope hadi magotini. Msimamizi akaangalia saa ya ukutani, akaandika, akampa karatasi.

Sasa hebu tupige hesabu, kwa sababu wazazi wengi hudhani kuchelewa ni aibu tu. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ni ya saa mbili, dakika 120, na ina alama 60: uandishi wa kiuamilifu 20, kujaza mapengo 10, na stadi za mazungumzo 30. Yaani kila alama ina dakika mbili. Dakika 24 ni alama 12. Wakati ukiisha umeisha. Aliyechelewa haongezewi, hata kama kosa ni la mwalimu. Kijana alianza juu akashuka, kama tunavyowafunza, na kengele ikamkuta ndani ya stadi za mazungumzo, sehemu yenye alama nyingi kuliko zote. Aliniambia baadaye kwamba maswali mawili ya mwisho hakuyasoma kabisa.

Na hizo dakika 24 hazikuwa hasara yote. Anayefika mapema hushuhudia bahasha ya maswali ikiwa bado imefungwa, ikifunguliwa mbele ya watahiniwa. Anasikia kanuni zikisomwa. Anapewa muda wa kuhesabu kurasa, kwa maana jalada la karatasi humwambia kurasa ni ngapi na kumtaka athibitishe hakuna iliyokosekana. Yule kijana hakuhesabu kurasa. Angepata wapi muda?

Katika chumba cha walimu, naibu wa mwalimu mkuu alisema mbele ya wote, huku akikoroga chai: "Mwalimu wa Kiswahili ameangushwa na saa za Kiswahili." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Mpaka leo nikimwona anakoroga chai nakumbuka.

Basi tangazo langu la sasa liko hivi, na nitaeleza pale panapohitaji maelezo tu.

Saa naiandika kwa maneno, na nataja sehemu ya siku. "Mtahiniwa awe ndani ya lango saa moja kamili asubuhi, wakati wa chai ya asubuhi. Karatasi inaanza saa mbili kamili asubuhi." Naandika "asubuhi" mara tatu na sioni haya. Kisha chini yake naweka jinsi simu itakavyoonyesha: "Simu yako itaonyesha 7:00." Mzazi haongozwi na ratiba iliyobandikwa ubaoni ambako pameandikwa 8.00 a.m.; anaongozwa na kioo kilicho mkononi mwake. Mlinganishe na kioo hicho.

Zamani tulikuwa tunawaita saa moja unusu. Siku hizi nimerudisha nyuma hadi saa moja, na ile nusu saa ndiyo akiba yangu. Asiyeonekana saa moja na dakika kumi, napiga simu. Ningeanza kupiga saa moja unusu, boda angefika kwa kuchelewa vile vile. Ukitaka kujua kama muda wako, tangu kupiga simu hadi karatasi kuanza, unatosha, chukua nyumba iliyo mbali zaidi, muulize mwendesha boda safari hiyo huchukua dakika ngapi mvua ikiwa imenyesha, kisha zidisha kwa mbili, maana ni kwenda na kurudi. Kwetu ni dakika 19 kwenda. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mwaka juzi tulishindwa.

Ndugu zangu walimu, acheni kunakili tangazo la mwaka uliopita na kubadilisha tarehe. Nalisema kwa uchungu. Lile langu lilikuwa limenakiliwa kwa miaka minne, na miaka mitatu lilibahatika kwa sababu kila mtoto alikuwa amehudhuria mazoezi, akajua saa hata bila sisi kumwambia. Tangazo huandikiwa yule aliyekosa kuwapo. Waliokuwapo hawalihitaji sana.

Kuhusu viti sitasema mengi. Madawati hupangwa umbali wa mita 1.22, futi nne kwa maneno ya fundi wetu, na kila mtahiniwa huketi kwa nambari yake ya usajili. Nambari ni ndefu, tarakimu 11, nane za kwanza ni za kituo na tatu za mwisho ni zake. Katika tangazo naandika hizo tatu za mwisho kwa wino mzito na kumwambia mzazi: "Mwulize mtoto, wewe ni nambari gani?" Tuliwahi kuwa na 034 na 043 waliobadilishana madawati bila kujua, tukawagundua kabla bahasha haijafunguliwa. Bahati hiyo siitegemei tena.

Vitu vilivyokatazwa kila mtu anavijua: simu, saa za kisasa zinazopokea ujumbe, karatasi yenye maandishi. Sitawachosha. Lakini kuna kimoja ambacho wazazi hawakifikirii, na hapa nawaomba mnisikize. Katika Hisabati, mtahiniwa anaruhusiwa kikokotoo kisicho na sauti na kisichopangiwa programu, na kitabu cha majedwali ya hisabati cha KNEC. Kitabu hicho nyumbani kwetu hurithiwa. Kaka alikitumia, dada akakitumia, sasa ni zamu ya mdogo. Na kaka yule, alipokuwa kidato cha tatu, aliandika kanuni za pembetatu kwa penseli ndani ya jalada la nyuma.

Msimamizi akikifungua hatauliza mwandiko ni wa nani. Ni maandishi yasiyoruhusiwa mikononi mwa mtahiniwa, na jambo hilo huishia kwenye ripoti ya udanganyifu. Matokeo yakitoka, badala ya gredi mtu hukuta herufi Y. Mwaka jana, siku ya mazoezi, nilikusanya majedwali 58 nikayafungua moja moja mbele ya wenyewe. Sita yalikuwa na maandishi. Moja lilikuwa na orodha ya ununuzi: sukari, mafuta ya taa, ndimu. Tukacheka, lakini tukafuta na hiyo pia. Kifuniko cha kikokotoo na ndani ya mkebe wa vifaa vya jiometri navyo vigeuze, huko ndiko penseli hujificha.

Mienendo ndani ya chumba: kutokopeshana rula, kutogeuka, mkono juu ukihitaji kitu, na msalani unasindikizwa. Mtoto aliyelelewa vizuri anajua. Asiyejua, tangazo halitamlea, na hili nawaambia wazazi wazi mkutanoni, wengine hununa.

Mama yule wa Ahero hakuwahi kunilaumu. Hilo ndilo liliniuma kuliko maneno ya naibu. Alisema tu, "Mwalimu, nami ningeuliza." Kijana alipita, si kwa gredi aliyoitaka, na sasa anasomea ufundi wa umeme.

Mwaka jana binti yake alikuwa mtahiniwa wetu. Tangazo langu jipya lilimfikia Ijumaa, kwa karatasi, akatia sahihi na kurudisha kipande cha chini. Jumatatu simu yangu ililia saa kumi na moja na robo alfajiri, giza bado. Ni yeye.

"Mwalimu, tuko langoni."

"Mama, lango linafunguliwa saa kumi na mbili unusu."

"Najua. Nimeisoma. Tutangoja."