Edita kanirudishia ripoti ya riviu: kutenganisha hoja kubwa na ndogo bila kumuumiza mwandishi

Swali: "Wakuu, nimeriviu peipa kwa mara ya kwanza, edita kairudisha ripoti anataka nitenganishe hoja kubwa na marekebisho madogo, halafu anasema lugha yangu ni kali. Nina hoja 31 zimefuatana tu ukurasa kwa ukurasa. Mfano (ugonjwa na namba nimebadilisha isije ikajulikana): 'Sampuli ya 384 kutoka zahanati 12 imekokotolewa kizembe, waandishi hawajui takwimu.' 'Jedwali la 4 lina watu 311.' 'Wanadai aliyepewa elimu ya presha anameza dawa mara 2.33 zaidi, uongo.' 'Kiingereza kibovu, watafute mzungu awasaidie.' 'Peipa haifai kuchapishwa.' Naanzia wapi?"

Mkuu, vizuri umebadilisha namba, maana miswada unayopewa kuriviu ni siri mpaka itoke, na Dar hii wa fani moja tunajuana wote.

Usianze na lugha. Anza na mpangilio, maana ukali mwingi unaletwa na mpangilio wenyewe. Hoja ya sampuli ikikaa jirani na koma iliyosahaulika, zote kwa sauti ileile, mwandishi anasoma mashtaka 31 yenye uzito sawa, na edita naye hajui ashike lipi. Chapisha hiyo ripoti steshenari, kaa na penseli, kila hoja iwekee herufi pembeni: K ni kubwa, N ni ndogo, E ni ya edita peke yake. Swali la kujiuliza kwa kila moja ni hili tu: mwandishi asipoigusa kabisa hoja hii, hitimisho lake bado linasimama? Likiyumba, K. Likibaki vilevile, N, hata kama kosa lenyewe limekuudhi sana. Usipime kwa urefu wa maelezo yako wala kwa jinsi kosa linavyoonekana kwa macho.

Sasa tuziangalie hizo zako.

Sampuli. 384 ni namba inayotoka kwenye ile fomula ya kawaida, unachukua asilimia 50, kosa la asilimia 5 juu na chini, uhakika wa asilimia 95. Hesabu yenyewe wameipata, ndio maana neno kizembe si la haki hapo. Tatizo ni kwamba fomula ile inachukulia kila mtu amechaguliwa kwa bahati nasibu peke yake, na wao wamechukua watu kupitia zahanati 12, yaani kama 32 kila zahanati. Wagonjwa wa zahanati moja wanafanana, nesi wao mmoja, duka la dawa moja, dawa zikiisha zinaisha kwa wote. Kwa hiyo watu 384 wanabeba taarifa za watu wachache zaidi ya hapo. Tuseme kufanana kwao, kwenye kipimo cha 0 mpaka 1, ni 0.05, unapata

1 + (32 − 1) × 0.05 = 2.55

ukigawa 384 kwa 2.55 unabaki na kama watu 151, na lile kosa la asilimia 5 linakuwa karibu 8. Hiyo ni K bila ubishi, ila angalia, 0.05 ni makisio yangu mimi, kwa hiyo kwenye ripoti usiwaambie sampuli yenu ni 151. Waombe warudie uchambuzi wakizingatia zahanati, waonyeshe kufanana kwenyewe kumetoka ngapi. Pia pitia hoja zako nyingine, nina uhakika kule mbele umelalamika kwamba mipaka ya makadirio ni myembamba mno au pi valyu ni ndogo kupita kiasi. Hizo si hoja mpya, ni ugonjwa uleule umejitokeza ukurasa mwingine, ziunganishe ziwe hoja moja. Ukifanya hivyo hoja kubwa zinabaki tatu au nne, na hapo ripoti inaanza kusomeka.

Jedwali la 4. Umeiandika kama kosa la chapa, mstari mmoja, na nadhani hii ndiyo uliyoidharau kuliko zote. Kutoka 384 mpaka 311 ni watu 73, asilimia 19. Wameenda wapi? Mara nyingi inakuwa hivi: kuna swali watu hawakulijibu, hasa kipato, basi programu ya takwimu ikamtupa kila aliyeacha pengo na mwandishi hakuona. Kama waliotupwa ndio wale wasiomeza dawa vizuri, matokeo yamepinda. Hiyo ni K. Ingekuwa Jedwali la 2 lina 381 na chini yake wameandika watatu hawakutaja umri, ningekwambia N, endelea. Kwa hiyo namba zikipishana usikimbilie kuziita typo, hesabu kwanza pengo ni la ukubwa gani na lipo kwenye jedwali lipi, maana jedwali linalobeba hitimisho halina typo ndogo.

Mara 2.33. Hapa neno uongo ndilo limekuponza. Angalia majedwali yao, kama waliopewa elimu wanaomeza ni asilimia 70 na wasiopewa ni 50, basi odzi, yaani wanaomeza kwa wasiomeza, ni 70 kwa 30 upande mmoja na 50 kwa 50 upande wa pili, ukigawanya unapata 2.33 safi kabisa. Namba ni sahihi, sentensi ndiyo si sahihi, kwa sababu 70 kwa 50 ni mara 1.4 na msomaji akisikia mara 2.33 zaidi anaelewa watu, haelewi odzi. Jambo likiwa la wachache, asilimia 2 au 3, hizo namba mbili zinakaribiana na hakuna madhara, likiwa nusu ya watu zinaachana sana. Na juu ya hilo, kama wamepima elimu na umezaji siku moja, hawawezi kusema kipi kilitangulia, huenda anayemeza dawa ndiye anayekuja kliniki kila mwezi na kwa sababu anakuja ndio maana anapata elimu. Hiyo sasa huwezi kumwambia mwandishi airekebishe kwa kukusanya data upya, utafiti umeshafanyika na hela imeshaisha. Unachoomba ni dai lipungue: "inahusiana na" badala ya "inafanya", kwenye kichwa cha peipa, kwenye ikisiri na kwenye hitimisho, si kule kwenye mjadala peke yake, maana wengi wanasoma ikisiri na kuishia hapo.

Lugha sasa. Kanuni ninayoshika ni kwamba kiima cha sentensi kiwe andiko, kisiwe mwandishi. Jedwali linaonyesha, uchambuzi haujazingatia, aya ya tatu inadai. Ukishaandika waandishi hawajui, waandishi wameshindwa, umeacha kuriviu kazi umeanza kuriviu watu, na hujui waliyopitia. Kisha kila hoja kubwa iwe na vitu vinne: iko wapi, umeona nini, kwa nini inagusa hitimisho, na nini kikifanyika utaridhika. Hicho cha mwisho ndicho wengi tunakiacha na ndicho kinachomuumiza mwandishi, anabaki anajua umekasirika ila hajui afanye nini. Hoja yako ya kwanza mimi ningeiandika hivi (wewe utaiweka kwa lugha ya jarida):

"1. Ukokotoaji wa sampuli na uchambuzi (uk. 6 na uk. 11). Washiriki wamepatikana kupitia zahanati 12, lakini ukubwa wa sampuli na modeli vinachukulia kila mshiriki amechaguliwa peke yake. Wagonjwa wa zahanati moja huwa wanafanana, hivyo mipaka ya makadirio yaliyoripotiwa inaweza kuwa myembamba kuliko hali halisi, na baadhi ya uhusiano uliotajwa kwenye hitimisho huenda usibaki. Naomba uchambuzi urudiwe kwa njia inayozingatia zahanati, na matokeo mapya yawekwe kwenye Jedwali la 4. Kama kuna sababu ya kutofanya hivyo, ielezwe kwenye sehemu ya mbinu."

Soma tena uone, hakuna tusi ila pia hakuna kubembeleza. Maana kuna wanaokimbia ukali wakaangukia upande wa pili, "labda waandishi wangependa kufikiria uwezekano wa", hapo mwandishi anajibu tumefikiria, asante, na edita hana cha kumbana nacho. Hoja kubwa iombe waziwazi. Ile sentensi ya mwisho ya kutoa nafasi ya kujieleza weka kwa dhati, kuna mambo mwandishi anayajua wewe huyajui.

Hiyo ya Kiingereza futa kabisa. Sisi wenyewe tunaandikiwa hivyo kila siku na majarida ya nje na tunajua inavyokaa moyoni, halafu haimsaidii mtu kwa sababu haisemi wapi. Chagua sehemu ambazo kweli ulishindwa kuelewa, andika "uk. 9 aya ya 2: sijaelewa kama 'wiki iliyopita' ni kabla ya mahojiano au kabla ya kliniki", iweke kwenye N. Makosa mengine ya sarufi sema mara moja kwamba andiko lipitiwe tena, basi, jarida lina watu wake wa kazi hiyo.

Hoja ndogo nazo ziandike kifupi, mstari mmoja mmoja kwa mpangilio wa kurasa, usieleze sababu. Namba zake ziendelee kutoka kwenye kubwa, kubwa zikiishia 4 ndogo zianze 5, ili mwandishi akijibu "hoja ya 7" kila mtu ajue ni ipi.

"Haifai kuchapishwa" ni E. Uamuzi ni wa edita, na mwandishi akisoma kwako ikatae halafu edita akampa nafasi ya kurekebisha, umewachanganya wote wawili. Kwenye mifumo mingi kuna kisanduku cha Confidential Comments to the Editor, weka humo. Ila usiweke humo kosa ambalo mwandishi hujamwambia, hiyo ni kumsema mtu kwa kificho. Kinachofaa humo ni mapendekezo yako, na mipaka yako, mfano "sehemu ya takwimu naomba apitie mtu wa takwimu pia".

Juu kabisa, kabla ya hoja zote, weka aya fupi ya sentensi nne hivi: peipa inauliza nini, imefanyaje, imepata nini, na kitu kimoja kizuri cha kweli. Kwa mfano wao wamefuata wagonjwa kwenye zahanati 12 wakati wengi wanaishia hospitali moja kubwa, hiyo ni nguvu na inatajika. Usiandike "makala nzuri sana" halafu ukamwaga hoja 31. Hiyo aya inamwonyesha mwandishi kwamba umemsoma, na kama umemwelewa vibaya anagundua hapohapo.

Ikirudi raundi ya pili, pima kwa zile hoja zako za K tu na kile ulichosema kitakuridhisha. Usilete hoja kubwa mpya kwenye kitu kilichokuwepo tangu mwanzo, labda kama uchambuzi mpya wenyewe ndio umeifichua, na hapo sema hivyo wazi.

Kuna hoja yoyote kati ya hizo nyingine ikikusumbua iende K au N, itupie hapa kwa namba za kubuni tuiangalie.