Lekcha kanisifia tu kwenye barua ya skolashipu, je inatosha?

SWALI: Shikamoo Dokta. Naomba skolashipu ya masta ya sayansi ya udongo. Lekcha aliyesimamia projekti yangu kanipa barua ya nusu ukurasa, inasema mimi ni mchapakazi, nina nidhamu, mwerevu, naishi vizuri na watu na ananipendekeza bila wasiwasi wowote. Marafiki wanasema haina uzito, bora nimtafute mkuu wa kitivo au profesa mwenye jina ndo asaini. Kuna jamaa pia anauza barua zilizoandikwa tayari, anasema zimeshapitisha watu wengi. Dedilaini bado wiki tatu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Huyo jamaa wa barua za tayari achana naye leo hii, nitamrudia huko chini maana nina hasira naye za siku nyingi. Mkuu wa kitivo naye mwache ofisini kwake. Lekcha wako ndo mtu sahihi kabisa, shida iko kwenye barua, na barua inarekebishika ndani ya wiki tatu bila presha.

Hii habari ya kutafuta saini kubwa sijui nani aliianzisha. Nimekaa kwenye kamati za kuchuja maombi na nimeandikia wanafunzi barua miaka mingi, nikwambie tu kwamba pale mezani barua inasomwa kama ushahidi. Shahidi tunamuuliza ulikuwepo? uliona nini kwa macho yako? Sasa mkuu wa kitivo aliyekuona mara mbili kwenye korido ataandika nini zaidi ya kile kilichopo kwenye transkripti yako, ambayo sisi tunayo tayari? Ataandika "nimearifiwa kuwa ni mwanafunzi mzuri", na hapo ndo umeshaumia, maana msomaji anajua mara moja kwamba huyu hakujui, alafu anaanza kujiuliza mbona waliokufundisha hawakuandika wao.

Na sifa ndo hivyohivyo. Chukua hiyo barua yako na kalamu, kata kila sentensi ambayo ukibadilisha jina tu inamfaa mwanafunzi mwenzako yeyote. Mchapakazi, kata. Nidhamu, kata. Anaishi vizuri na watu, kata. Nina uhakika kitakachobaki ni jina lako na tarehe. Kwenye rundo la mafaili kila mwombaji ni mchapakazi, sijawahi kusoma barua inayosema huyu mvivu ila mpeni hela.

Tena hilo neno mchapakazi likiwa peke yake linaweza kukushusha. Msomaji mzoefu anaona limewekwa pale ambapo palitakiwa kuwa na uwezo, yaani kana kwamba lekcha anasema huyu anajitahidi jamani, akili sijui. Mwaka 2003 watafiti wawili, Trix na Psenka, walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za walioajiriwa kufundisha kwenye skuli moja ya udaktari Marekani, wakakuta barua za wanawake kwa wastani zilikuwa fupi zaidi na zimeegemea zaidi maneno ya kujituma, wakati za wanaume zilizungumzia zaidi utafiti wao. Walioandika barua zile huenda walidhani wanasifia wote sawa. Kwa hiyo lekcha wako anaweza kuwa anakupenda kwelikweli na bado barua yake ikakuangusha.

Ngoja nikuoneshe ushahidi unavyokaa, kwa mwanafunzi mmoja niliyemwandikia mwenyewe, naye ni wa udongo kama wewe. Barua ya kwanza niliyotaka kumwandikia (nilikuwa nimechoka, nakiri) ilikuwa na sentensi "ana umakini mkubwa maabara". Nikajiuliza umakini gani, niliuona lini? Nikakumbuka. Sentensi ile moja ikageuka kuwa aya hii:

"Kwenye projekti yake alikuwa anapima pH ya sampuli 40 za udongo. Kwa uamuzi wake mwenyewe aliweka sampuli moja ya kulinganishia, akawa anaipima upya kila baada ya sampuli 10. Baada ya sampuli ya 10 na ya 20 ilisoma 5.8 kama mwanzo, baada ya ya 30 ikasoma 6.2. Alisimamisha kazi, akapima myeyusho wa bafa wa pH 7 na kukuta mita imehama, akasafisha elektrodi, akaikalibreti upya kwa bafa ya 4 na ya 7, kisha akarudia sampuli ya 21 hadi ya 30 peke yake. Nilipomuuliza kwa nini hakurudia zote, alinionesha kwenye daftari lake kwamba 20 za mwanzo zilikuwa zimethibitishwa na vipimo viwili. Nililiona daftari hilo siku ileile, na kosa lenyewe kaliandika kwenye ripoti badala ya kulificha."

Hakuna sifa hata moja humo, hata neno umakini halimo, lakini aliyesoma anaondoka anajua vitu vitatu: huyu anajipangia njia ya kujikagua bila kuambiwa, anajua kuamua kiasi cha kazi ya kurudia badala ya kurudia yote kwa woga, na hafichi kosa. Alafu angalia maneno "nilipomuuliza" na "nililiona daftari", hayo ndo yanaonesha shahidi alikuwepo. Ungempa mkuu wa kitivo mwaka mzima asingeweza kuandika aya ile.

Nikaongeza mambo mawili mafupi. La kwanza ni nafasi yake, na nafasi lazima iwe na kundi la kulinganisha. "Ni kati ya wanafunzi bora" haina maana, bora kati ya wangapi? Niliandika kwamba kati ya wanafunzi 30 hivi ambao nimewasimamia projekti namweka kwenye watatu wa juu kwa kazi ya maabara. Kwa kazi ya maabara tu, sikusema kwa kila kitu. La pili nilisema wazi kwamba uandishi wake ulikuwa nyuma, sura ya matokeo aliirudia mara tatu, na ile ya tatu ndo ilisimama bila mimi kugusa sentensi. Watu wanaogopa hili, wanadhani ukitaja udhaifu umemchongea mtoto wa watu. Barua isiyo na doa hata moja ndo inayotiliwa shaka, na udhaifu uliotajwa pamoja na alichofanya kuurekebisha unafanya yale mazuri yaaminike. Kama una C mahali kwenye transkripti ndo kabisa, sisi tumeshaiona, bora lekcha anayeijua sababu yake aiseme.

Sasa wewe. Usiende kumwambia lekcha barua yako mbaya. Mwambie, "Mwalimu, nashukuru sana kwa barua, nimesoma vigezo vyao vizuri nikaona wanataka mifano ya kazi ya utafiti, naomba nikuletee kumbukumbu zangu kama utapata muda wa kuiongezea." Nenda wiki hii, usingoje zibaki siku nne, na usiende mikono mitupu. Mpelekee tangazo la skolashipu lenye vigezo ukiwa umevipigia mstari, maelezo binafsi utakayotuma, na ukurasa mmoja wa kumbukumbu wenye matukio matatu ambayo yeye mwenyewe aliyashuhudia. Andika kozi gani, muhula gani, ulifanya nini, nini kilikwama, yeye alisema nini, na kama una ripoti aliyoisahihisha kwa mkono wake ambatanisha. Lekcha ana wanafunzi mamia, hakukusahau kwa ubaya, ile nusu ukurasa mara nyingi ni dalili ya mtu ambaye hakumbuki tu. Kwenye ukurasa huo usiweke sifa yoyote, weka matukio, sifa ataamua yeye. Barua ya ukurasa mmoja hadi mmoja na nusu inatosha, ianze kwa kusema amekufahamu muda gani na kwa nafasi ipi.

Akikujibu "andika mwenyewe nitasaini", na wengi ndo wanajibu hivyo, mrudishie ule ukurasa kwa heshima, mwombe hata dakika 15 muongee wakati yeye anaandika. Ukiandika wewe, barua na maelezo binafsi vitakuwa na sauti moja, misemo ileile, hata makosa ya spelingi yaleyale, na msomaji anavisoma kimoja baada ya kingine ndani ya dakika kumi. Alafu kamati ikimwandikia imeili kumuuliza jambo kuhusu tukio lililomo, atajibu nini?

Nije kwa huyo mfanyabiashara wako. Hawa watu wananichosha. Wanachouza ni templeti moja iliyojaa maneno mazito, wanabadilisha jina. Nimewahi kushika barua mbili za waombaji wawili wasiojuana, vyuo tofauti, aya ya pili neno kwa neno, na mmoja jina la fani lilikuwa halijabadilishwa, yaani mtu wa takwimu anasifiwa kwa upasuaji wa wanyama. Wote wawili walitoka, hata huyo mwenye fani sahihi, na transkripti yake ilikuwa nzuri kuliko za wengi waliobaki. Barua yenye saini ya mtu ambaye hakuiandika wala hajui habari zake ni kughushi, na ikigundulika hata baada ya kupewa hela wanaweza kukunyang'anya na chuo chako kikaarifiwa. Anayekwambia "zimeshapitisha watu" muulize ataingiaje kwenye imeili ya kazi ya lekcha wako, maana siku hizi skolashipu nyingi zinamtumia linki moja kwa moja refarii, yaani yule anayekuandikia barua, anaipandisha mwenyewe na wewe huioni.

Na hapo kuna kitu nimekiona kwenye swali lako. Unasema kakupa barua mkononi. Soma fomu leo, kama imeandikwa barua itumwe na refarii au iwe ya siri, hiyo uliyoishika haitumiki hata ingekuwa nzuri vipi, na ukiipandisha wewe wanaweza kuhesabu faili halijakamilika. Jaza imeili yake ya chuo, usiweke ile ya binafsi, alafu siku unayojaza mpigie simu umwambie linki imetumwa aangalie hadi kwenye spamu, na wiki moja kabla ya dedilaini ingia kwenye akaunti yako uone kama imeandikwa barua imepokelewa.