Kichwa cha jarida la barua pepe kwa Kiswahili: tafsiri sababu ya kufungua, maneno yatafuata

Biashara ndogo nyingi huandika jarida la wiki kwa Kiingereza, kisha zikampa mtu alitafsiri kwa ajili ya wateja wa Kiswahili. Mwili wa barua hutoka vizuri. Kinachoharibika ni kichwa, kwa sababu hutafsiriwa mwishoni, haraka haraka, neno kwa neno. Tuchukue duka linalouza kahawa iliyokaangwa Moshi. Nusu kilo ni shilingi 15,000, na kuanzia Jumamosi itakuwa 18,000. Kichwa cha Kiingereza kinasema hivi:

```
Last call! Wake up and smell the savings before prices rise
```

Tafsiri ya kwanza ambayo wengi wangeileta ni hii:

```
Wito wa mwisho! Amka na unuse akiba kabla bei hazijapanda
```

Kisarufi haina kosa. Lakini "wito wa mwisho" unamkumbusha msomaji tangazo la uwanja wa ndege, na hakuna Mswahili aliyewahi kunusa akiba. Kisha kuna urefu. Simu nyingi huonyesha herufi 30 hadi 40 tu za kichwa, nafasi zikihesabiwa. Herufi 35 za mwanzo hapa zinaishia kwenye "akiba", kwa hiyo habari yenyewe, kwamba bei inapanda, haionekani kabisa. Mteja anaona amri ya kuamka na kunusa, basi.

Kabla ya kutafsiri, andika kwa sentensi moja kavu sababu ya mtu kufungua barua hiyo. Hapa ni: "Ukinunua wiki hii utalipa bei ya zamani kwa kahawa utakayokunywa baadaye." Mzaha wa kuamka na kunusa ni pambo la Kiingereza, tena umejengwa juu ya msemo wao. Uache. Kiswahili kina mchezo wake wa kupambanisha nyakati, na masikio yetu yamezoea sentensi yenye mizani pande mbili. Wazo la kwanza linaweza kuwa "Kahawa ya kesho kwa bei ya jana". Linaimba vizuri, ila si kweli: bei haijapanda bado, kwa hiyo hakuna "bei ya jana" ya kutoa. Lirekebishe:

```
Kahawa ya mwezi ujao kwa bei ya leo
```

Herufi 35. Hata simu ikikata "leo", maana haijapotea. (Usiongeze chumvi ukasema "mwaka ujao", mnywaji wa kahawa anajua kahawa iliyokaangwa hupoteza ladha.) Tarehe na shilingi ziweke kwenye mstari wa utangulizi, ule unaoonekana kwa rangi hafifu baada ya kichwa: "Nusu kilo 15,000 hadi Ijumaa saa 12 jioni, kisha 18,000." Mstari huo usipoujaza, programu ya barua itachukua maneno ya kwanza inayoyakuta, na mara nyingi huwa ni "Fungua barua hii kwenye kivinjari".

Saa ina mtego wake. "6 PM" ikitafsiriwa "saa 6 jioni" haina maana, na "saa 6 usiku" inamsogeza mteja saa sita mbele. Hata mwisho wa usiku wa manane una utata: "Ijumaa usiku" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Ndiyo maana ni salama zaidi kufunga ofa jioni kuliko usiku wa manane, hata kama Kiingereza kinasema vingine.

Tatizo la pili ni nafasi za kujazwa na mashine. Kiingereza kinaweza kuandika "Your [bidhaa] is here" kwa bidhaa yoyote. Kiswahili hakiwezi, kwa sababu ngeli zinadai upatanisho: kikombe chako kimefika, birika lako limefika, mashine yako imefika. Ukiandika "\*|BIDHAA|\* yako imefika", kuna siku mteja atapata "Kikombe yako imefika" na kujua papo hapo kwamba hakuna binadamu aliyeiandika. Weka nomino yako mwenyewe ibebe upatanisho, kisha jina la bidhaa lifuate likiwa peke yake: "Oda yako imefika: kikombe". Jina la mteja nalo litakuachia mkato unaoning'inia pale ambapo hakulijaza. Kwenye Mailchimp linazuilika hivi:

```
*|IF:FNAME|**|FNAME|*, kahawa*|ELSE:|*Kahawa*|END:IF|* ya mwezi ujao kwa bei ya leo
```

Angalia kwamba "kahawa" inabadilika herufi ya kwanza kulingana na jina kuwepo au kutokuwepo. Na mwite msomaji mmoja: "usikose", si "msikose". Barua inasomwa na mtu mmoja kwenye simu yake, si na mkutano.

Sasa vichujio vya barua taka. Watu huulizana orodha ya maneno yaliyokatazwa, kana kwamba "bure" peke yake itakuzamisha. SpamAssassin, ambayo seva nyingi za bei nafuu huitumia, hujumlisha alama, na kwa kawaida barua huhesabiwa taka ikifika 5. Kanuni zake za maneno zimeandikwa zaidi kwa Kiingereza. Kwa hiyo kuchanganya "FREE" na "CLICK HERE" ndani ya kichwa cha Kiswahili kunakuletea hatari ambayo "bure" haikuwa nayo. Kanuni ya herufi kubwa tupu haijali lugha. Na "Re:" ya uongo, kana kwamba mmeshaandikiana, iache kabisa.

Kichujio kikali zaidi ni kidole cha msomaji. Google inataka malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Ukituma kwa watu 400 na wawili wakabonyeza kitufe cha kuripoti, tayari ni asilimia 0.5. Hapa tafsiri ndiyo yenye lawama. "Congratulations, you've been selected" ikigeuzwa "Hongera! Umechaguliwa", mteja hasomi ofa, anasoma zile meseji za matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hafungui hata kuhakikisha. Sema badala yake jambo ambalo tapeli asingelijua: "Umenunua mara tano, kikombe hiki ni chako".

Alama za uandishi nazo zina lao. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida tupu, ila ukinakili kutoka Word, ritifaa ya "ng'ombe" hugeuka kuwa ile iliyopinda. Huduma za majarida huishughulikia zenyewe. Lakini ukituma kwa skripti iliyotengenezwa na fundi wako bila usimbaji, mteja ataona "ngâ€™ombe", na SpamAssassin ina kanuni ya kosa hilo hilo, SUBJECT_NEEDS_ENCODING. Futa ritifaa uiandike upya kwa kibodi, ile iliyonyooka.

Kabla ya kutuma, jipelekee barua kwenye Gmail, uifungue kwa kompyuta na uchague "Show original". SPF, DKIM na DMARC, yaani hakiki za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, zote ziwe PASS. Zikishindwa, hakuna kichwa kitakachokuokoa. Kisha kitazame kichwa kwenye simu ya skrini ndogo. Ukilinganisha vichwa viwili, hesabu waliobonyeza kiungo, si waliofungua: tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua yenyewe picha za barua, na huduma yako ikaandika kwamba mtu amefungua wakati hajaigusa.